Kikapu cha Garissa kwa Lugha ya Kiitaliano



Juma hili tumeletewa barua kutoka Garissa na mama mmoja anayesimamia kikundi cha wasukaji karibu na Mto Tana. Vikapu vyao huuzwa kwa njia ya duka la mtandaoni, na baadhi ya wanunuzi wako Italia. Maelezo ya kila kikapu huandikwa kwanza kwa Kiswahili, kisha binti yake, ambaye amejifunza Kiitaliano, huyatafsiri. Sasa kikapu kimoja kimerudishwa. Mnunuzi hakuulaumu usukaji wala ushonaji. Aliandika mambo mawili tu: kwamba aliahidiwa rafia na alicholetewa si rafia, na kwamba siku ya mvua rangi nyekundu ya kikapu ilihamia kwenye nguo yake. Wasukaji wanasema binti ndiye aliyewaponza. Binti anasema alitafsiri alichoandikiwa. Mama anatuuliza kosa ni la nani, na maelezo hayo yaandikwe vipi ili yauze bila kuleta aibu.

Tumeisoma barua hiyo pamoja na maelezo aliyotuambatishia, na tumeona kuwa pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Tutayapitia maelezo hayo neno kwa neno, kwa sababu kikundi kingine chochote, kiwe Garissa, Lamu au Malindi, kinaweza kuangukia pale pale.

Haya ndiyo maelezo ya Kiswahili kama yalivyoandikwa: "Kikapu kizuri sana cha milala, kimesukwa kwa mkono na akina mama wa Garissa. Ni imara na kinafaa kwa kila kazi. Rangi zake zinapendeza. Kina mikono ya ngozi. Ukubwa wa kati. Mteja wetu mpendwa, usikose! Karibu sana."

Kwa msomaji wa Mombasa maneno hayo yanatosha. Anaijua milala, anakijua kikapu, na akiwa na shaka atakwenda sokoni akishike kwa mkono wake. Mwitaliano aliyeketi nyumbani kwake Torino au Bari hana mkono wa kukishika. Ana picha tatu na maneno machache. Kwake yeye maneno hayo ndiyo mkono, ndiyo jicho na ndiyo pua. Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ya mfasiri hata kidogo. Ilikuwa ya mwandishi wa Kiswahili, naye aliacha mambo mengi ambayo mfasiri hakuweza kuyabuni. Ni mti gani? Kikapu kina upana gani? Kinabeba kilo ngapi? Rangi ni ya dukani au ya magome? Ngozi ni ya mnyama gani? Mfasiri aliyenyimwa majibu hayo hubaki na mambo mawili: kukisia au kusifu. Binti alikisia, akaandika "rafia".

Basi na tuanze na kitu chenyewe. Milala ya kando ya Mto Tana ni majani ya mkoma, ule mti ambao watoto hutafuna matunda yake. Wasukaji hukata kuti changa lililo bado limefumba, wakalianika juani mpaka likapauka, kisha wakalichana kuwa chane nyembamba. Chane husukwa zikawa ukili mrefu, na ukili hushonwa mzunguko baada ya mzunguko, kuanzia kitako hadi ukingo. Chane za rangi huchemshwa kwenye sufuria ya rangi kabla ya kusukwa. Mama mwenyewe ametueleza hayo katika ukurasa wa pili wa barua yake, tena kwa ufasaha mkubwa. La kusikitisha ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililofika kwenye maelezo ya duka.

Waitaliano wana jina la mti huo. Huuita "palma dum", na jani lake ni "foglia di palma dum". Rafia ni jani la mti mwingine kabisa, laini zaidi, linalokunjika kama uzi. Mnunuzi anayeijua rafia hutarajia mkoba unaolegea mkononi, akifungua kifurushi akakuta kikapu kigumu kinachosimama chenyewe, huona amebadilishiwa mali. Vivyo hivyo "vimini" ni fito nyembamba za mti wa baridi, na "giunco" ni aina ya nyasi ya majini. Kila neno lina mmea wake. Mfasiri asichague moja kwa sababu linasikika vizuri.

Liko neno moja lenye nafasi pana zaidi, nalo ni "paglia". Maana yake ya asili ni nyasi kavu za nafaka, lakini katika mazungumzo Waitaliano huita "borsa di paglia" karibu kila mkoba uliosukwa wa majira ya joto, na ndilo neno wanaloliandika wanapotafuta. Kwa hiyo si kosa kuliweka mahali panapotaja aina ya bidhaa, maadamu mstari wa mali yenyewe unasema wazi kuwa ni jani la palma dum. Neno la kutafutia na neno la kuahidi ni mambo mawili. Binti aliyachanganya.

Sasa tuje kwenye neno "kikapu". Sisi tunakitaja kitu kwa umbo lake na kwa namna kilivyosukwa: kikapu, kapu, pakacha, tenga, kawa. Mwitaliano dukani hukitaja kwa kazi yake. Kile cha nguo za kufua ni "portabiancheria". Kile cha kufunika chungu cha maua ni "portavaso". Kile anachotundika begani kwenda sokoni si "cesto" bali ni "borsa". Neno "cestino", ambalo kamusi itakupa kwa kikapu kidogo, ndilo pia jina la pipa la karatasi taka, na ndilo linaloandikwa kwenye kompyuta pale mafaili yaliyofutwa yanapokwenda. Hata kitufe cha kuweka bidhaa ili zilipiwe, ambacho huenda sisi tungekiita kikapu cha manunuzi, kwao husomeka "Aggiungi al carrello", yaani ongeza kwenye toroli. Kitufe hicho kikiandikwa kwa neno la kikapu, duka zima litaonekana limefunguliwa na mgeni asiyejua soko.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, binti amuulize mama yake: kikapu hiki ni cha nini? Mama akijibu "kila kazi", aulizwe tena. Kitu kinachofaa kila kazi hakimwiti mtu yeyote. Kikapu tulichoonyeshwa kwenye picha kina mikono mirefu ya ngozi na mdomo mpana. Hicho ni cha begani. Ni "borsa".

Hapa wasomaji wetu wa Garissa watatabasamu. Wasomali huuita mkoba "boorso", na neno hilo ni "borsa" lile lile, lililobaki katika ulimi kama lilivyobaki "baasto" katika sahani. Jirani na Garissa, ng'ambo ya mpaka, Waingereza waliikabidhi Jubaland na Kismayu kwa Waitaliano mwaka 1925, na maneno yakavuka pamoja na biashara na ndoa. Mama wa Garissa amekuwa akilitamka jina sahihi la bidhaa yake tangu utotoni bila kujua kuwa ndilo analolitafuta.

Jina likishabadilika, kila kitu kinachofuatana nalo hubadilika. Kiswahili kina ngeli, na Kiitaliano kina jinsia ya nomino. "Cesto" ni la kiume, "borsa" ni la kike. Kilichosukwa kwa mkono kitakuwa "intrecciato a mano" kikiwa "cesto", na "intrecciata a mano" kikiwa "borsa". Imara ni "robusto" kwa la kwanza na "robusta" kwa la pili. Kosa linalotokea mara nyingi ni mfasiri kubadilisha jina la juu dakika ya mwisho akasahau sifa zilizo chini. Mwitaliano akisoma "borsa intrecciato" husikia kama sisi tunavyosikia mtu akisema "kikapu yangu mzuri". Ataelewa, lakini imani itapungua, kwani atajiuliza kama waliokosea jina hawatakosea na anwani yake.

Tutazame basi tafsiri ya kwanza, ile iliyokuwa dukani: "Cesto molto bello di rafia, tessuto a mano dalle mamme di Garissa. È forte e va bene per ogni lavoro. I suoi colori sono piacevoli. Ha mani di pelle. Taglia media. Nostro cliente amato, non perdere! Molto benvenuto."

Hakuna neno hapo lisilo la Kiitaliano, na karibu hakuna sentensi iliyo ya Kiitaliano. "Tessuto" ni kufuma kwa uzi kwenye kitanda cha mfumi, kama kikoi. Kusuka chane ni "intrecciare". "Forte" ni nguvu za mtu au ukali wa kahawa, na kwa mkoba husemwa "robusta" au "resistente". "Taglia" ni kipimo cha nguo. "Mani di pelle" ni viganja vya ngozi, na tunaamini mnunuzi aliyesoma hivyo alicheka kabla ya kulipa. Mikono ya kikapu ni "manici". Neno "mamme" nalo lina tatizo lake. Kwetu akina mama ni heshima, ni namna ya kumtaja mwanamke mzima. Kwa Mwitaliano "mamma" ni yule aliyekuzaa, na likiwekwa kwenye tangazo huwafanya wasukaji waonekane kama wapishi wa nyumbani wasio na ujuzi wa kulipwa. Heshima ile ile, kwa lugha yao, ni "artigiane": wanawake mafundi.

Mwisho kuna lile "mteja wetu mpendwa, usikose, karibu sana". Sisi tunamkaribisha mgeni kabla hajasema shida yake, na huo ni uungwana wetu. Kikitafsiriwa neno kwa neno, kwa Kiitaliano husikika kama mtu anayekuvuta shati sokoni. Ukarimu huo uhamishiwe mahali pengine: kwenye majibu ya haraka kwa maswali yake, na kwenye kadi ndogo ndani ya kifurushi. Katika maelezo, mnunuzi wa Italia huona amekaribishwa anapopewa habari aliyokuwa akiitafuta. Jambo moja tu la adabu liangaliwe. Sisi tuna "wewe" mmoja, wao wana "tu" wa karibu na "Lei" wa heshima. Maduka mengi ya mtandaoni hutumia "tu", na si utovu wa adabu. Ubaya ni kuanza na mmoja na kumaliza na mwingine.

Sifa za bure nazo ziondoke. "Molto bello" halimshawishi mtu, kwa kuwa kila muuzaji analo. Kinachoshawishi ni jambo ambalo msomaji anaweza kuliona akilini. Badala ya "imara", seteni pakiti tatu za unga za kilo mbili ndani ya kikapu, mkitundike kwa mikono yake usiku mzima, na asubuhi mtazame mishono ya ngozi. Ikiwa hakuna uzi uliovutika, mnayo haki ya kuandika kuwa kinabeba kilo sita. Ikiwa uzi umevutika, mmejua kabla ya mnunuzi kujua. Badala ya "ukubwa wa kati", pimeni kwa sentimita: upana wa mdomo, kimo bila mikono, na urefu wa mkono kutoka mshono hadi mshono. Urefu wa mkono ndio unaomwambia mwanamke aliyevaa koti zito la baridi kama kikapu kitaingia begani.

Baada ya hayo, maelezo ya kikapu kile kile yanaweza kusomeka hivi. Jina lake ni "Borsa di paglia intrecciata a mano con manici in pelle di capra". Kisha yafuate maneno haya:

"Capiente e leggera, sta in piedi da sola anche quando è vuota. È intrecciata a mano a Garissa, in Kenya, con foglie di palma dum raccolte lungo il fiume Tana: strisce sottili che diventano una lunga treccia, cucita giro dopo giro dal fondo al bordo. I manici in pelle di capra sono abbastanza lunghi per portarla in spalla, e la borsa regge fino a 6 kg di spesa."

Kwa Kiswahili ni kusema: una nafasi na ni mwepesi, husimama wenyewe hata ukiwa mtupu. Umesukwa kwa mkono Garissa, Kenya, kwa majani ya mkoma yaliyokatwa kando ya Mto Tana: chane nyembamba zinazogeuka ukili mrefu, ulioshonwa mzunguko baada ya mzunguko kutoka kitako hadi ukingo. Mikono ya ngozi ya mbuzi ina urefu wa kutosha kuutundika begani, na mkoba hubeba hadi kilo 6 za vitu vya sokoni.

Angalieni kuwa hakuna sifa hata moja iliyopulizwa. Kila neno linaweza kukaguliwa kwa jicho au kwa mizani. Hata hivyo msomaji amekwisha kuuona mkoba umesimama jikoni kwake. Sentensi ya ukili ndiyo inayouza kuliko zote, nayo haina madaha yoyote. Inaeleza kazi tu. Mnunuzi anayeisoma huelewa kwa nini kikapu hiki kina bei kuliko kile cha kiwandani, bila kuambiwa kuwa kina thamani.

Chini yake viwekwe vipimo, kila kimoja na jina lake: "larghezza al bordo" kwa upana wa mdomo, "altezza" kwa kimo, "lunghezza dei manici" kwa urefu wa mikono, "peso" kwa uzito. Waitaliano hutenga desimali kwa mkato, si kwa nukta: kimo cha sentimita thelathini na nusu huandikwa "30,5 cm".

Sasa tufike kwenye lile doa jekundu, ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha barua. Wasukaji walijua kuwa rangi ile hutoa maji. Mama ameandika bila kuficha: "Sote tunajua nyekundu huchuja mara ya kwanza." Wote walijua isipokuwa aliyelipa pesa.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akaambiwa kuwa imenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, na akakemea ghushi. Duka la mtandaoni ni rundo ambalo mnunuzi hawezi kuingiza mkono. Wajibu wa kuiweka nafaka iliyolowa juu huwa mzito zaidi hapo, kwa sababu hakuna mwingine wa kuifichua.

Kwa hiyo kila rangi ijaribiwe kabla ya kuandikwa. Loweka kitambaa cheupe, kikamue, usugue nacho chane za rangi mara ishirini. Kitambaa kikitoka cheupe, shukuruni. Kikitoka na rangi, zichemsheni upya chane zijazo na mzisuuze mpaka maji yatoke safi, na kwa vikapu vilivyokwisha kushonwa andikeni wazi: "Le strisce colorate possono stingere se bagnate: tenere lontano dalla pioggia e dai tessuti chiari." Maana yake ni kuwa chane za rangi zinaweza kuchuja zikilowa, kwa hiyo ziwekwe mbali na mvua na nguo za rangi nyepesi. Kwa mantiki hiyo hiyo kuna sentensi ya harufu, kwani kikapu kilichofungiwa ndani ya karatasi ya nailoni kwa majuma mawili hutoa harufu kikifunguliwa: "Appena aperta profuma di foglia secca, l'odore svanisce all'aria." Kikifunguliwa kitanukia jani kavu, na harufu hutoweka kwenye hewa. Mnunuzi aliyeonywa hutabasamu, na asiyeonywa hudhani kimeoza.

Mama anahofia kuwa kusema aibu ya bidhaa kutafukuza wateja. Watakaoondoka ni wale ambao wangekirudisha. Sheria ya Italia kuhusu walaji, Codice del Consumo ya 2005, humpa aliyenunua kwa mbali siku 14 tangu apokee mzigo za kubadili nia bila kutoa sababu, na hutaka kitu kilichouzwa kilingane na maelezo yake. Muuzaji anayeelekeza duka lake kwa wanunuzi wa Italia hawezi kusema hayamhusu kwa kuwa yuko Garissa. Maelezo si pambo la bidhaa. Ni sehemu ya mkataba, kama vile sisi tunavyohesabu sifa zilizotajwa wakati wa kuuziana.

Kutokana na hapo kuna maneno machache ya kushawishi ambayo ni madai, nayo yasiandikwe bila msingi. "Pelle" ni ngozi halisi ya mnyama. Sheria ya mwaka 2020 ya nchi hiyo hairuhusu neno hilo kwa plastiki iliyofanana na ngozi, hata likiambatishwa na neno jingine. "100% naturale" si kweli ikiwa rangi ni ya kemikali. "Equo e solidale" ni jina la biashara ya haki yenye wakaguzi na masharti yake, na duka lisilo ndani yake lisilivae. Nalo "portapane", kikapu cha mkate, linavutia sana mezani, lakini Umoja wa Ulaya una kanuni ya 1935/2004 juu ya kila kitu kinachokusudiwa kugusa chakula. Kikapu chenye rangi inayochuja kisipelekwe huko kwa neno moja tamu.

Tumebakiza jambo ambalo halimo katika barua ila limo katika tafsiri. Chini ya maelezo mtu fulani aliongeza mstari unaowaita wasukaji "povere donne di una tribù del deserto": wanawake maskini wa kabila la jangwani. Mama hakuwa na habari. Hakuuandika, na hakuweza kuusoma. Tunaelewa nia ilikuwa kulainisha moyo wa mnunuzi. Lakini huruma huuza kikapu kimoja, na fundi huuza cha pili. Zaidi ya hayo, mtu hana ruhusa ya kutangaza umaskini wa mwenzake kwa lugha ambayo mwenzake haisikii. Hukumu hiyo ni moja kwa neno "rifugiate", wakimbizi, ikiwa wasukaji wako katika kambi za Dadaab. Huenda ni kweli, na huenda wenyewe wakapenda lisemwe, lakini waulizwe kwanza, na wakikataa liachwe.

Hili linatupeleka kwenye njia ya kuzuia yote tuliyoyataja. Maelezo ya Kiitaliano yakishakamilika, yapelekwe kwa mtu wa tatu anayekijua Kiitaliano na ambaye hajaona maandishi ya Kiswahili. Ayasome, kisha awasimulie wasukaji kwa Kiswahili au Kisomali kile alichokisoma, nao wasikilize. Wakisikia "viganja vya ngozi" watacheka hapo hapo. Wakisikia "rafia" watasema siyo. Wakisikia "maskini wa jangwani" watanyamaza, na ukimya huo utatosha. Katika Garissa msomaji wa namna hiyo si adimu kama inavyodhaniwa. Hadi vita vya 1991 vitivo vingi vya Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia mjini Mogadishu vilifundisha kwa Kiitaliano, na baadhi ya waliosoma wakati huo ni wazee waliovuka mpaka na kuishi miongoni mwetu. Mzee mmoja, saa moja baada ya Alasiri, na vikapu kumi vitakuwa vimekaguliwa.

Asiulizwe kama tafsiri ni nzuri, kwani kwa heshima atasema ni nzuri. Aulizwe maswali matatu: kitu hiki ni nini, kimetengenezwa na nani, na ukikinunua utatarajia nini siku ya mvua? Majibu yake yakilingana na kikapu kilicho mbele yake, maelezo ni sahihi. Yakitofautiana, hakuna haja ya kubishana juu ya sarufi. Mahali pa kosa pamejulikana.

Basi, Mama, tukijibu swali lako la kwanza: wasukaji walificha rangi, mwandishi alinyima habari, na binti alijaza pengo kwa kukisia. Mnunuzi peke yake ndiye asiye na kosa, na ni vyema arudishiwe fedha zake pamoja na maneno machache ya kuomba radhi. Binti asiondolewe kazini. Akae na wasukaji siku moja nzima, tangu kuti linapochanwa hadi ukingo unaposhonwa, akiwa na daftari, futi ya kupimia na kitambaa cheupe. Atakapotafsiri tena atakuwa na kitu cha kusema.

Tungependa kuletewa maelezo mapya kabla hayajawekwa dukani, tukayasome pamoja katika safu hii. Wabillahi tawfiq.